Kipandisha volti: piga hesabu ya volti za kutoka na ampea za koili kabla hujachomeka laptopu

Hapa Bukavu swali hili linarudi kila wiki, na karibu kila mara linakuja na maneno yaleyale. Kijana amenunua moduli ndogo ya kupandisha volti, mara nyingi ile yenye chipu ya XL6009, akaambiwa dukani kwamba ni ya ampea 4. Ana betri ya 12 V inayochajiwa na paneli, na anataka kuwasha laptopu ya 19 V wakati wa delestaji. Amesoma kibandiko cha chaja yake, 19 V na 2.37 A, akaona 2.37 ni ndogo kuliko 4, akaunganisha. Mchana laptopu inachaji vizuri. Jioni, paneli ikishalala, moduli inachemka, volti zinashuka, laptopu inaacha kuchaji. Basi anauliza: "Fundi, moduli ni mbovu?"

Moduli ni nzima. Zile ampea 4 ni za swichi iliyo ndani ya chipu, na swichi hiyo inabeba mkondo wa koili. Mkondo wa koili ni ule unaotoka kwenye betri, nao siku zote ni mkubwa kuliko mkondo unaoingia kwenye laptopu. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuujua mkondo huo kwa kalamu na karatasi, ukianza na vitu vitatu tu: volti za betri, uwiano wa kuwaka wa swichi, na wati za mzigo. Tutapiga hesabu kana kwamba vipande vyote havipotezi chochote, kisha karibu na mwisho tutaongeza ule upotevu wa kweli.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Multimita inayopima volti za DC, na yenye tundu la 10 A. Ikiwa ina alama ya % (inayoonyesha sehemu ya muda ambayo ishara iko juu), ni vizuri zaidi.
- Moduli yenyewe, au saketi uliyojitengenezea ya koili, mosfeti, dayodi na kapasita.
- Kibandiko cha chaja ya laptopu. Soma mstari wa OUTPUT, usisome wa INPUT. Ule wa INPUT unahusu umeme wa ukutani na hautusaidii.
- Fyuzi ya 7.5 A au 10 A pamoja na kishikio chake. Ikae kwenye waya chanya, karibu na betri.
- Nyaya nene na fupi kati ya betri na moduli. Nyaya nyembamba za simu zitakuharibia vipimo vyote.
- Simu kwa ajili ya kikokotoo.

Nadharia ni fupi. Swichi ikiwaka, koili inakaa moja kwa moja kwenye betri na mkondo wake unapanda. Swichi ikizima, koili inasukuma mkondo huo kupitia dayodi hadi upande wa kutoka, na mkondo unashuka. Ili mambo yatulie, kiasi kilichopanda kiwe sawa na kiasi kilichoshuka. D ni sehemu ya muda ambayo swichi imewaka katika kila mzunguko: D ya 0.37 maana yake swichi imewaka asilimia 37 ya muda na imezima asilimia 63. Ukisawazisha kupanda na kushuka unapata kanuni ya volti. Ukikumbuka kwamba bila upotevu wati zinazoingia ni sawa na wati zinazotoka, unapata kanuni ya mkondo. Hizi hapa zote:

```
Vo = Vi / (1 - D)
Io = P / Vo
IL = P / Vi
```

Vi ni volti za kuingia, Vo za kutoka, P ni wati za mzigo, Io ni mkondo wa mzigo, na IL ni wastani wa mkondo wa koili.

Hatua ya 1: Pima volti za kuingia mzigo ukiwa umeunganishwa

Usiandike 12 kwa sababu tu betri inaitwa ya 12 V. Betri ya risasi inayochajiwa na paneli mchana inaweza kuwa na 13.6 V au zaidi. Ikiachwa peke yake ikitumika, inashuka kuelekea 12 V na chini yake. Weka miguu ya mita kwenye vituo vya moduli vilivyoandikwa IN+ na IN-, wala si kwenye vichwa vya betri, kwa sababu waya nao unakula sehemu ya volti njiani. Pima mzigo ukiwa unafanya kazi.

Kwa mfano wetu tuseme ni mwanzo wa jioni na mita inasoma 12.0 V.

Hatua ya 2: Pata D

Kuna njia mbili, kutegemea ulicho nacho mkononi.

Ikiwa umejitengenezea saketi na wewe ndiye unayeiamuru swichi, D unaijua tayari kwa sababu umeipanga mwenyewe. Mfano wetu una D ya 0.37.

Ikiwa unatumia moduli ya dukani, chipu inajipangia D yenyewe ili volti za kutoka zibaki pale ulipoziweka kwa skrubu. Hapo unarudi nyuma: unapima Vo, kisha unatafuta D.

```
D = 1 - Vi / Vo
```

Kwa 12.0 V kuingia na 19.05 V kutoka, D = 1 - 12.0/19.05, yaani 0.37. Tunafika palepale.

Sasa onyo ambalo limewapotosha wengi. Ukitumia alama ya % ya mita na kuigusa ile nukta ambapo koili, swichi na dayodi vinakutana (kwenye michoro huandikwa SW), utasoma asilimia 63, si 37. Mita haijakosea. Inahesabu muda ambao nukta hiyo iko juu, na nukta hiyo iko juu wakati swichi imezima. Swichi ikiwaka, inaivuta nukta hadi karibu na sifuri. Kwa hiyo hapo unasoma 1 - D. Ukitaka D yenyewe kwenye saketi yako, pima kwenye mguu wa geti wa mosfeti aina ya N. Tena, mita nyingi za bei ndogo haziwezi kusoma asilimia kwa usahihi swichi inapokimbia mamia ya kHz, na XL6009 inakimbia 400 kHz. Kwa moduli kama hiyo tumia njia ya volti na uachane na alama ya %.

Hatua ya 3: Hesabu volti za kutoka

```
Vo = 12.0 / (1 - 0.37) = 12.0 / 0.63 = 19.05 V
```

Makosa mawili hujitokeza hapa. La kwanza ni kuweka 37 badala ya 0.37, ukipata jibu hasi, ujue ni hilo. La pili ni baya zaidi kwa sababu jibu lake linaonekana la kweli: mtu anazidisha volti za kuingia kwa 1 + D na kupata 16.44 V. Anaona volti zimepanda, anaridhika. Lakini asilimia ya muda haiongezwi juu ya volti. Unagawa kwa muda uliobaki, ndiyo maana volti zinapanda polepole mwanzoni na kwa kasi mwishoni. D ikiwa 0.5 unapata mara 2 ya betri, ikiwa 0.75 unapata mara 4, ikiwa 0.9 unapata mara 10 kwenye karatasi.

Nasema kwenye karatasi kwa sababu usiende huko. D ikifika 1, kanuni inasema volti hazina mwisho, lakini fikiria saketi yenyewe: swichi haizimi kamwe, koili imeunganishwa moja kwa moja na betri, na hakuna chochote kinachofika kwenye mzigo. Ukinzani mdogo wa waya wa koili na wa swichi unatosha kuipindua kanuni kabla ya hapo, ukafika mahali ambapo kuongeza D kunapunguza volti. Mimi sipangi saketi ya mkono yenye D inayozidi 0.8.

Hatua ya 4: Hesabu mkondo wa mzigo

Chaja yetu imeandikwa 19 V na 2.37 A. Zidisha: ni wati 45. Kwa hiyo P = 45 W.

```
Io = 45 / 19.05 = 2.36 A
```

Huu ndio mkondo unaopita kwenye waya wa laptopu. Wengi wanasimama hapa, na ndipo wanapopotelea.

Kuhusu P, angalia aina ya mzigo. Laptopu ina saketi zake za ndani zinazovuta wati zilezile hata volti zikibadilika kidogo. Taa ya kawaida ya waya haiko hivyo: wati zilizoandikwa juu yake ni za volti zilizoandikwa juu yake, na ukiipa volti nyingine wati zinabadilika. Kwa mzigo kama huo hesabu Vo kwanza, pima Io kwa mita, kisha zidisha upate P ya kweli.

Hatua ya 5: Hesabu wastani wa mkondo wa koili

```
IL = 45 / 12.0 = 3.75 A
```

Soma namba hiyo tena ukiiweka kando ya 2.36. Laptopu inapokea 2.36 A, lakini koili inabeba 3.75 A. Sababu ni kwamba koili imefungwa upande wa betri. Kila kinachotoka kwenye betri kinapita ndani yake, swichi ikiwa imewaka au imezima. Mzigo unapokea mkondo wakati swichi imezima tu, yaani asilimia 63 ya muda. Muda uliobaki unalishwa na kapasita ya kutoka.

Kutokana na hilo unapata njia ya pili ya kukagua jibu lako:

```
IL = Io / (1 - D) = 2.36 / 0.63 = 3.75 A
```

Piga hesabu kwa njia zote mbili kila mara. Zikitofautiana zaidi ya senti za kukadiria, umekosea mahali fulani kati ya hatua ya 2 na ya 4, na kwa kawaida kosa liko kwenye D.

Angalia pia kwamba kanuni ya kwanza haina D ndani yake. Ukijua wati na volti za betri, mkondo wa koili unajulikana, uwe unapandisha hadi 19 V au hadi 40 V. Wati 45 kutoka betri ya 12 V ni 3.75 A, haijalishi. Hili ndilo ninalotaka mtu alikariri hata akisahau mengine yote.

Hatua ya 6: Ongeza mtikiso ili upate kilele

3.75 A ni wastani. Mkondo wenyewe unapanda na kushuka kama msumeno kuzunguka wastani huo, na swichi inaumia kwenye ncha za juu. Urefu wa msumeno ni huu:

```
dI = Vi * D / (L * f)
kilele = IL + dI / 2
```

L ni thamani ya koili na f ni kasi ya swichi. Tazama juu ya koili ya moduli. Ukiona namba 330, maana yake ni 33 µH, si 330: tarakimu mbili za kwanza zinasomwa kama zilivyo, na ya tatu inakuambia idadi ya sifuri za kuongeza, ambayo hapa ni hakuna. Vivyo hivyo 470 ni 47 µH, na 101 ni 100 µH.

```
dI = 12.0 * 0.37 / (0.000033 * 400000) = 4.44 / 13.2 = 0.34 A
kilele = 3.75 + 0.17 = 3.92 A
```

Swichi inaruhusiwa 4 A. Tumebakiza chembe ndogo sana, na bado tunadhani vipande havipotezi kitu.

Hatua ya 7: Rudia hesabu kwa betri iliyochoka

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayojibu swali la yule kijana. Tuseme saa mbili usiku betri imeshuka hadi 11.0 V kwenye vituo vya moduli. Chipu inataka kubaki kwenye 19.05 V, kwa hiyo inaongeza D:

```
D  = 1 - 11.0 / 19.05 = 0.42
IL = 45 / 11.0 = 4.09 A
dI = 11.0 * 0.42 / 13.2 = 0.35 A
kilele = 4.09 + 0.18 = 4.27 A
```

Tumevuka 4 A. Chipu inakata kila mzunguko kabla ya wakati wake ili kujilinda, D haiwezi tena kufika inapohitajika, na volti za kutoka zinaanguka. Laptopu ikiona volti zimeanguka, inaacha kuchaji.

Ona mwelekeo wa mambo: betri ikishuka, mkondo unapanda. Watu wengi wanatazamia kinyume chake, kwamba betri dhaifu itatoa kidogo na kila kitu kitapungua taratibu. Kwa mzigo unaodai wati zilezile haiwi hivyo. Na mkondo ukipanda, waya nao unakula volti zaidi, Vi inashuka tena, mkondo unapanda tena. Ndiyo maana kuzima kwa jioni kunakuja ghafla, bila dalili ndefu.

Ikiwa saketi ni ya mkono na D umeifunga kwenye 0.37, mambo ni tofauti: betri ikishuka hadi 11.0 V, volti za kutoka nazo zinashuka hadi 11.0/0.63, yaani 17.46 V. Usiunganishe laptopu kwenye saketi ya D isiyojirekebisha. Betri ikipata jua na kufika 14.4 V, utakuwa unaipa laptopu 22.86 V.

Hatua ya 8: Weka upotevu wa kweli

Hadi hapa tumedhani kila wati inayoingia inatoka. Kwa kweli dayodi, swichi, na waya wa koili vinakula sehemu, na unaisikia kwa kidole kama joto. Kwa makadirio ya mezani chukua kwamba asilimia 90 inafika kwenye mzigo, kisha gawa IL kwa 0.9. Mtikiso uache kama ulivyo.

Jioni yetu ya 12.0 V inakuwa 3.75/0.9 = 4.17 A, na kilele 4.34 A. Kumbe moduli ilikuwa imeshazidiwa hata kabla betri haijachoka. Sasa jaribu mchana, betri ikiwa 13.6 V: 45/13.6 ni 3.31 A, ukigawa kwa 0.9 ni 3.68 A, na kilele ni kama 3.83 A. Inapita, kwa shida. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini ilikuwa inachaji mchana na kushindwa jioni.

Hesabu ya bila upotevu, basi, ina matumizi ya upande mmoja. Ikisema haiwezekani, haiwezekani kweli, usipoteze pesa. Ikisema inawezekana kwa nafasi ndogo, bado hujapata ruhusa.

Hatua ya 9: Hakikisha kwa mita

Zima kila kitu. Ondoa laptopu. Unganisha betri, na kabla ya kitu kingine chochote zungusha skrubu ya moduli huku mita iko kwenye OUT+ na OUT- hadi usome 19 V. Skrubu hizi huzungushwa mara nyingi kabla ya kuona badiliko, kwa hiyo uwe mvumilivu na usiilazimishe. Kamwe usichomeke laptopu kwenye moduli ambayo hujaipima. Inaweza kuwa imetoka dukani ikiwa imepangwa kwa 30 V.

Kisha kata betri, hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10 A, na uiweke mita mfululizo kati ya fyuzi na IN+. Unganisha tena betri, chomeka laptopu, usome. Koili ya moduli hii iko mfululizo na njia ya kuingia, kwa hiyo mita inasoma wastani wa mkondo wa koili bila wewe kugusa koili yenyewe. Mita ikisoma 4.1 A pale ambapo hesabu ilisema 3.75, gawa 3.75 kwa 4.1: unapata 0.91, yaani ufanisi wa karibu asilimia 91, mradi laptopu inavuta wati zake 45 kamili. Ikiwa betri yake imejaa inavuta kidogo sana, na namba haitakuambia kitu. Jaribu laptopu ikiwa imeisha chaji na imewashwa.

Jambo moja la kujihadhari: nyaya za mita zenyewe zinakula volti kidogo kwenye mkondo huu. Ukiweza kupata mita ya pili, iache kwenye IN+ na IN- wakati huohuo, na utumie Vi inayosomwa hapo. Na ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Mita iliyoachwa kwenye tundu la 10 A kisha ikawekwa juu ya betri ni shoti tupu.

Mambo yakienda vibaya

*Volti za kutoka ni kama za kuingia, pungufu kidogo.* Unapima 11.6 V badala ya 19 V. Swichi haifanyi kazi kabisa, na umeme unapita tu kutoka koili kwenda dayodi hadi mzigo. Angalia kama chipu inapata umeme, kama umezungusha skrubu upande usio sahihi, na kwenye saketi ya mkono kama ishara inafika kwenye geti. Kumbuka kutokana na hili kwamba njia hiyo ya koili na dayodi iko wazi daima: kuzima swichi hakukati umeme, na shoti upande wa kutoka inamaliza betri bila chipu kuweza kuzuia. Ndiyo sababu ya ile fyuzi.

*Volti ziko chini ya hesabu kwa nusu volti au zaidi kidogo.* Kwa saketi yenye D isiyobadilika hii ni kawaida. Dayodi inachukua sehemu yake, waya wa koili unachukua yake. Ongeza D kidogo.

*Bila mzigo, volti zinapanda kupita hesabu.* Hii hutokea kwenye saketi ya mkono yenye D iliyofungwa. Kanuni ya Vo inasimama tu ikiwa mkondo wa koili haugusi sifuri ndani ya mzunguko, yaani IL ikiwa kubwa kuliko nusu ya dI. Kwa mfano wetu nusu ya dI ni 0.17 A, na 0.17 mara 12 V ni kama wati 2. Chini ya wati hizo mbili kanuni haifai tena, na volti zinakuwa juu ya zile ulizohesabu. Ukiondoa mzigo kabisa, kila mzunguko unaongeza chaji kwenye kapasita na hakuna anayeitumia, hadi kapasita au mosfeti vipasuke. Acha kizuizi cha kudumu upande wa kutoka. Kwa 19 V, ohm 150 inatumia wati 2.4, kwa hiyo nunua cha wati 5.

*Koili inachemka kuliko chipu na mkondo wa betri umezidi hesabu sana.* Koili imeshiba. Chuma chake kimefika mwisho wa kubeba usumaku, thamani ya L imeanguka, na mtikiso umekuwa mrefu mara kadhaa. Hesabu yako ya kilele ilitumia 33 µH ambayo haipo tena. Dawa ni koili yenye ampea za kushiba zinazozidi kilele, na si kuongeza feni.

*Inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.* Pima Vi kwenye IN+ wakati inazima. Ikianguka kwa volti nzima au zaidi, tatizo ni waya, kishikio cha fyuzi kilicholegea, au betri iliyozeeka. Hesabu upya kwa Vi hiyo ya chini na utaona mkondo ulivyoruka.

Basi, yule mwenye laptopu ya wati 45 afanye nini?

Tugeuze hesabu. Kilele kisizidi 4 A, mtikiso unachukua 0.18, kwa hiyo wastani usizidi 3.82 A. Kwa betri ya 11.0 V hizo ni wati 42 zinazoingia, na kwa asilimia 90, wati 38 zinazotoka. Hapo chipu iko ukingoni na inachemka. Mimi singeipa zaidi ya wati 30 kwa kazi ya saa nyingi.

Kwa hiyo achaji laptopu ikiwa imezimwa, jambo ambalo kwa laptopu nyingi linapunguza wati zinazovutwa, au achaji mchana paneli ikiwa juu. Akitaka kufanya kazi usiku bila wasiwasi, anunue moduli kubwa yenye mosfeti ya nje na koili ya waya mnene, na pale dukani Kadutu asiulize "ni ya ampea ngapi" tu. Aulize ampea hizo ni za kuingia au za kutoka. Kwa wati 45 kwenye betri ya 11.0 V anahitaji 4.5 A za kuingia pamoja na upotevu, kwa hiyo moduli inayovumilia 8 A za kuingia inampa nafasi ya kutosha. Laptopu yenye kibandiko cha 19 V na 3.42 A ni ya wati 65: kwa betri hiyohiyo ni 5.9 A bila upotevu, 6.6 A pamoja nao, na hapo fyuzi ya 7.5 A iko karibu mno. Weka ya 10 A, na waya usiopungua milimita za mraba 2.5.